Saa janja imekwama kwenye nembo: ya kujaribu kabla ya kumlipa fundi

Shemeji yangu alinipigia simu usiku. "Shem, saa imekufa." Nikamuuliza imekufaje. "Inaonyesha jina la kampuni, inazima, inaonyesha tena. Tangu magharibi iko hivyo hivyo." Nikamwambia iliyokufa haionyeshi jina la mtu. Kesho yake, kabla hajafika kwangu, alipitia kwa fundi mmoja wa simu, akaambiwa bodi imeungua na matengenezo ni elfu themanini. Fundi hakuifungua, hakuichomeka popote, aliitazama tu ikizunguka.

Ilikuwa Galaxy Watch4 ya milimita 44, aliyoinunua mkononi mwa mtu. Jioni ya siku hiyo iliwaka bila kufunguliwa skrubu hata moja. Kulikuwa na matatizo mawili, moja limejificha nyuma ya jingine, ndiyo maana nitairudia saa hiyo mara kwa mara humu.

Maelezo haya yanafuata Galaxy Watch4 na zilizokuja baada yake, kwa kuwa ndizo ninazoletewa zaidi, na pale Apple Watch inapokwenda njia yake nitasema. Mwenye Garmin au Amazfit afuate mpangilio uleule, vitufe ndivyo vitakavyobadilika. Mpangilio wenyewe unaanzia kwenye yale yasiyoweza kuharibu kitu na kuishia kwenye yale yanayofuta kila kitu. Watu wengi hugeuza: jambo la kwanza wanalofanya ni kufuta, halafu saa ikigoma kuwaka tena hawajui kama shida ilikuwa programu au umeme.

Itazame kabla hujaichaji

Ivue, ifute, kisha ishike usawa wa macho kama mtu anayechungulia ubao kama umenyooka. Kioo kikiwa kimeinuka upande mmoja, au mgongo umeachia na ukucha unaingia kwenye ufa ambao zamani haukuwepo, betri imevimba. Hapo mwongozo huu umekwisha kwako. Usiichaji, usikibonyeze kioo kirudi, iweke mbali na godoro na mapazia, na ipeleke kwa fundi kama betri mbovu.

Jambo la pili la kutazama ni mvuke. Ielekeze saa kwenye mwanga wa dirisha na uangalie chini ya kioo. Ukungu, matone madogo au doa linalotanuka maana yake maji yameingia, na kila jaribio la kuiwasha linapitisha umeme kwenye maji hayo. Izime kama inakubali, usiiweke kwenye chaja, na wala usipoteze siku tatu kwenye pipa la mchele, kwani mchele haufuti chumvi iliyobaki kwenye bodi. Hiyo nayo ni kazi ya fundi, na kadiri inavyofika mapema ndivyo inavyokuwa na nafasi.

Kama kioo kimelala sawa na hakuna mvuke, endelea.

Hesabu sekunde

Hili ndilo linalorukwa na kila mtu, na ndilo lililotuokolea elfu themanini. Chukua simu, fungua saa ya kupimia sekunde, na uandike: nembo imetokea lini, imezima lini. Rudia mara tano au sita. Ukiweza irekodi video, maana macho yakichoka hukosea.

Saa inapowaka hupita vituo vitatu. Kwanza programu ndogo ya msingi huamka, hukagua sehemu muhimu na kuonyesha nembo iliyotulia. Kisha mfumo mkubwa hupakiwa, na hapo mara nyingi nembo huanza kucheza au kumetameta. Mwisho hutokea uso wa saa, na nyuma yake programu zako zote zinaamka kwa pamoja na kuitafuta simu. Inapokwama hukuonyesha ni kituo kipi kimeshindwa.

Lakini zaidi ya mahali, tazama kama muda unabadilika. Saa inayozima mara sekunde ya 9, mara ya 14, mara ya 11, na ikipumzika kwenye chaja inafika mbali zaidi, ina njaa ya umeme. Wakati wa kuwaka kichakataji huvuta umeme mwingi kwa mkupuo kuliko wakati wowote mwingine. Betri ikiwa chini au imechoka, volti yake hudondoka ghafla kwenye mkupuo huo, saa inajizima kujilinda, volti inapanda tena baada ya mzigo kuondoka, saa inadhani mambo yametulia, inajaribu tena. Inaweza kufanya hivyo hadi alfajiri.

Saa inayozima sekunde ileile kila mara, iwe kwenye chaja au nje yake, inagonga kitu kilekile kila inapopita: faili iliyoharibika, programu mbovu, au kipande cha bodi kisichojibu. Hapo chaja haitasaidia kitu.

Ya shemeji iliandika 11, 14, 9, 12. Nikajua bodi haijaungua. Angalau hakukuwa na sababu ya kusema imeungua.

Umeme, na hapa usiwe na haraka

Nilimwuliza anachaji wapi. Akasema nyuma ya televisheni, kuna tundu la USB. Tundu la namna hiyo mara nyingi hutoa nusu ampea, na ukilitumia na waya mrefu wa bei ya chini kinachofika upande wa pili ni kidogo zaidi. Saa ikiwa imezima kabisa na betri ina afya, umeme huo utaijaza polepole. Ikiwa kwenye mzunguko wa nembo, haitajaa kamwe: inapopata tone, inajiwasha, inakunywa zaidi ya ilichopewa, inazima. Chaja inaonekana inafanya kazi na saa inaonekana inajaribu, na wote wawili hawaendi popote.

Kwa hiyo tumia kichwa cha chaja cha simu kilichoandikwa walau 5V na 1A, kichomekwe ukutani, si kwenye kompyuta wala redio. Kichwa chenye nguvu zaidi hakina madhara, saa huvuta inachohitaji tu. Kitako cha kuchajia kiwe kile cha saa yenyewe. Pedi za kuchajia simu bila waya mara nyingi hazizichaji Galaxy Watch hata kama sumaku inashika. Kuilaza saa juu ya simu inayogawa chaji kunawezekana kwa baadhi ya simu za Samsung, ila ni kwa dharura, hapa tunataka umeme wa uhakika.

Halafu nikaona jambo la pili. Saa ilikuwa imevishwa kava la plastiki linaloangaza, lile linalokumbatia kioo na mbavu. Ukingo wake wa chini ulikuwa umepinda na kuingia kidogo mgongoni, kiasi cha unene wa ukucha. Saa ikilala kwenye chaja haikugusa. Kuchaji bila waya kunategemea koili mbili zitazamane kwa karibu sana. Ukiweka pengo la milimita moja tu umeme unapungua na saa inapata joto bila kujaa. Mkanda wa chuma usiofunguka nao hufanya hivyohivyo, unaiinua saa upande mmoja. Vua kava, fungua mkanda au uutoe kabisa, futa mgongo wa saa na uso wa chaja kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kausha, kisha ilaze saa hadi usikie sumaku imekamata.

Zile zinazochajiwa kwa vijipini vya chuma, kama Garmin na Amazfit nyingi, zina ugonjwa wao: jasho hukauka kwenye vijipini na kuacha utando wa kijani au mweusi. Chovya mswaki mkuukuu kwenye spiriti ya kusafishia isiyo na maji mengi, sugua taratibu pande zote mbili, subiri ikauke kabla ya kuchomeka.

Sasa iache. Muda wa masaa mawili, na usiiguse. Usiinyanyue kila dakika tano kuona kama imewaka, kwa sababu kila ukiinyanyua unaikatia umeme katikati ya jaribio. Kama inaendelea kuzunguka hata kwenye chaja nzuri, ipeleke kwenye menyu ya ndani ninayoeleza hapo chini na uchague Power off, kisha irudishe kwenye chaja. Hapo itachaji ikiwa imezima, na alama ya chaji itatokea badala ya nembo. Watch4 ya milimita 44 ina betri ya mAh 361, ya milimita 40 ina 247. Ni betri ndogo, kwa hiyo kama masaa mawili yamepita kwenye umeme mzuri na muda wa sekunde haujabadilika hata kidogo, umeme si jibu, au betri yenyewe haishiki tena.

Ya shemeji, bila kava na kwenye kichwa cha simu, baada ya dakika arobaini ilifika sekunde 31 na nembo ikaanza kucheza. Baada ya saa moja na nusu ilifika kwenye uso wa saa. Shemeji akapiga makofi. Sekunde ishirini baadaye ikajizima na kuanza upya.

Kuilazimisha iwake upya

Kabla ya kwenda mbele, fanya hili ukiwa na chaji ya kutosha, si kabla. Kwenye Galaxy Watch4 na zilizofuata, bonyeza kitufe cha juu na cha chini kwa pamoja na uvishikilie kwa zaidi ya sekunde saba, mpaka kioo kiwe cheusi na saa ianze upya, kisha viachie. Kwenye Apple Watch, shika kitufe cha pembeni pamoja na taji la kuzungusha kwa sekunde kumi au zaidi, uachie nembo inapotokea. Saa nyingine nyingi zenye kitufe kimoja hukubali kushikiliwa kati ya sekunde kumi na kumi na tano.

Hakuna data inayofutika hapa. Ni kama kuzima mita na kuiwasha.

Kuna wakati mmoja ambao hutakiwi kufanya hivi: saa ikiwa katikati ya kusasishwa. Kama jana au leo ulikubali sasisho, nembo iliyotulia kwa muda mrefu si lazima iwe ugonjwa. Kwenye Apple Watch utaona mduara unaojaa taratibu kuizunguka nembo, na wenyewe Apple wanasema kazi hiyo yaweza kuchukua kuanzia dakika chache hadi saa nzima. Kuilazimisha kuzima wakati huo ndiko kunakozaa kukwama kwa kweli. Iweke kwenye chaja, simu iwe karibu, nenda kale. Tofauti kati ya kusubiri na kukwama ni hii: inayosasisha hukaa kwenye picha moja bila kuzima, iliyokwama kwenye mzunguko huzima na kurudi. Ikikaa kwenye nembo bila kuzima wala kusogea zaidi ya muda huo, basi ilazimishe.

Kitufe kilichonasa

Hili ni fupi lakini huwakumba watu wa pwani na wanaocheza mpira. Chumvi ya jasho au ya bahari ikiganda kwenye kitufe, saa inaona kama mtu amekishikilia bila kuachia, nayo inatii: inajiwasha upya, au inaingia kwenye menyu ya ndani bila kuitwa. Bonyeza kila kitufe na usikilize. Kila kimoja kinatakiwa kishuke na kurudi na mlio uleule. Kikirudi kivivu, au hakina mlio, umempata mwizi.

Kama saa haijawahi kufunguliwa na kioo hakina ufa, izime, itoe kwenye chaja, na uiweke chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka polepole huku ukibonyeza kitufe mara kadhaa. Kwa taji la Apple Watch ni maji ya uvuguvugu kidogo kwa sekunde 10 hadi 15, huku ukilizungusha na kulibonyeza. Usitumie sabuni wala sindano. Ifute na kuiacha ikauke kabla ya kuirudisha kwenye chaja. Kama imewahi kufunguliwa na fundi, usiiwekee maji, gundi ya kuzuia maji ya mwanzo haipo tena. Tumia kitambaa kilicholowa tu.

Inafika kwenye uso wa saa halafu inarudi

Turudi kwa shemeji. Nilipima tena: 20, 21, 20. Muda hauyumbi, na unaanza kuhesabiwa baada ya uso wa saa kutokea. Kwa hiyo msingi ni mzima, mfumo mkubwa ni mzima, umeme upo. Kinachoiangusha ni kitu kinachoamka mwishoni.

Nikamwambia azime Bluetooth na Wi-Fi kwenye simu yake. Si kwenye saa, huko hatukuwa na muda wa kufika. Saa ikawaka, ikafika kwenye uso, ikapita sekunde 20, ikapita dakika, ikakaa. Tukaiacha dakika kumi na ilikuwa bado hai.

Uso wa saa alioweka ulikuwa wa kushusha, wenye hali ya hewa, mapigo ya moyo, hatua, kalenda na mwezi, vyote kwenye kioo kimoja. Aliuweka siku tatu kabla. Kila mara saa ilipoipata simu, uso ule uliomba taarifa zake na kuanguka, na ulivyoanguka ukauangusha mfumo wote. Wakati umeme ulikuwa mdogo hatukuweza kuliona hili, kwa kuwa saa haikufika hata kwenye kituo hicho.

Dawa ni kutumia nafasi hiyo kabla hujawasha Bluetooth ya simu. Weka kidole juu ya uso wa saa na ukishikilie, telezesha hadi kwenye uso mmoja uliokuja na saa yenyewe, uchague. Kisha nenda kwenye orodha ya programu za saa, shikilia ile uliyoweka karibuni, uiondoe. Kama kwenye simu kuna programu yake pacha, iondoe pia, la sivyo inaweza kuirudisha. Ndipo uwashe Bluetooth na utazame kwa dakika kumi.

Kama nafasi unayopata ni sekunde ishirini tu hata simu ikiwa imezimwa Bluetooth, usihangaike na menyu, kazi yako ya kwanza iwe kubadili uso wa saa tu. Hiyo inachukua sekunde sita ukishajua vidole viende wapi. Mzunguko unaofuata ndio wa kuondoa programu.

Usidhani ni saa za mitumba tu zinazoweza kuangushwa na faili moja. Mwishoni mwa Januari 2025 saa nyingi za Garmin, za aina tofauti na bei kubwa, zilikwama kwenye pembetatu ya buluu duniani kote katika siku zilezile. Chanzo kilikuwa faili ya setilaiti za GPS iliyoshuka ikiwa na kasoro. Vifaa vilikuwa salama kabisa. Ushauri uliotolewa ulikuwa kushikilia kitufe cha kuzimia hadi saa izime, kuiwasha, kisha kuiunganisha na Garmin Connect kwenye simu au Garmin Express kwenye kompyuta ili ipokee faili nzuri. Aliyekimbilia kubadilisha betri siku ile alilipia betri asiyoihitaji. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu, uliza wenzako wenye saa kama yako: ikiwa nao zimegoma wiki hiyohiyo, subiri.

Menyu ya ndani

Umefika hapa kwa sababu saa ina chaji, vitufe viko huru, muda hauyumbi, na bado haifiki kwenye uso. Sasa tunaingia sehemu inayoweza kufuta.

Kwenye Galaxy Watch4 na zilizofuata, shika vitufe vyote viwili kama mwanzo. Maandishi ya Rebooting yakitokea, achia vyote na hapohapo anza kugonga kitufe cha juu harakaharaka, kama mtu anayebisha hodi na mvua inanyesha. Itatokea orodha yenye kichwa REBOOT MODE. Ukikosa mara ya kwanza rudia, wengi hukosa mara mbili tatu kwa sababu wanachelewa kuanza kugonga. Kitufe husogeza mstari, na kukishikilia huchagua. Maelekezo madogo huwa yameandikwa kwenye skrini hiyohiyo, yasome kwa sababu mpangilio hutofautiana kidogo kati ya matoleo.

Kwenye orodha hiyo utakuta Power off, ile niliyoitaja kwa ajili ya kuchaji. Utakuta pia Recovery. Chagua hiyo, utaingia kwenye orodha nyingine. Humo, ukiona mstari wa Wipe cache partition, anza nao. Unafuta mabaki ya muda ambayo mfumo umejiwekea, hasa yale yanayochafuka baada ya sasisho, na haugusi picha, mipangilio wala rekodi za afya. Ukimaliza chagua Reboot system now na usubiri hadi dakika kumi kabla ya kuhukumu.

Ikirudia mzunguko, kilichobaki ni Wipe data/factory reset. Kabla ya kukibonyeza jiulize maswali mawili. La kwanza, kilichomo ndani kimeshahamia kwenye simu? Hatua na mapigo ya moyo ambayo saa ilishayatuma kwenye Samsung Health yako salama kwenye simu. Ya siku chache ambazo haikuunganishwa yatapotea, pamoja na muziki na picha ulizoweka ndani ya saa tu. La pili, unazijua akaunti na nywila za saa hiyo? Kama ulinunua mkononi mwa mtu na hukuwahi kuanzisha mwenyewe, mtafute muuzaji kwanza. Na kama saa inatumia laini yake ya ndani ya mtandao, jiandae kwenda kwa kampuni ya simu kuiwekesha upya.

Baada ya kufuta, kwenye simu nenda sehemu ya Bluetooth uisahau saa ya zamani, uiondoe pia kwenye Galaxy Wearable, ndipo uunganishe upya. Na hapa kuna kosa ninaloliona kila mara: mtu anaulizwa kama arudishe nakala ya mipangilio ya zamani, anakubali haraka, na uso ule mbovu unarudi pamoja na nakala. Anza saa tupu, itumie siku moja, ndipo uongeze vitu kimoja kimoja.

Orodha ile ya REBOOT MODE ina pia Download. Hiyo ni ya kuandika mfumo upya kwa kompyuta, na faili isiyo ya modeli yako hasa inaweza kukuachia kioo cheusi kisichoandika hata nembo. Pita mbali.

Apple Watch ina njia yake

Mwenye Apple Watch hana menyu ya namna hiyo. Ila kuanzia watchOS 8.5 na iOS 15.4, saa iliyoshindwa kuwaka inaweza kuonyesha mchoro wa saa na simu zikisogezwa pamoja. Ukiuona mchoro huo, furahi. Weka saa kwenye chaja, iPhone iwe karibu, imefunguliwa, Bluetooth imewashwa na iko kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kisha bonyeza kitufe cha pembeni mara mbili na ufuate maelekezo kwenye simu. Simu itaishushia saa mfumo mpya. Kifurushi kiwe na nafasi.

Kufuta Apple Watch hakuondoi kufuli la akaunti. Itawaka vizuri na kukuomba barua pepe na nywila ya mwenye akaunti iliyounganishwa nayo, na hakuna fundi halali wa kulivua. Aliyeinunua bila kufunguliwa kufuli hilo amenunua pambo.

Sasa unaweza kwenda kwa fundi, ukiwa na la kumwambia

Kuna dalili tatu ambazo baada ya yote haya zinastahili pesa yako. Saa inayokaa hai muda wote ikiwa juu ya chaja nzuri na kuzima mara tu ukiinyanyua ina betri iliyochoka. Hiyo ni kazi ya kawaida na bei yake unaweza kuilinganisha na bei ya saa kama hiyo iliyotumika. Saa inayozima sekunde ileile kwenye nembo hata baada ya kufutwa kila kitu, hasa ikiwa inapata joto sehemu moja, ina shida kwenye bodi, na hapo mara nyingi ni afadhali kununua nyingine. Ya tatu ni kitufe kilichokufa. Na kama saa bado ina dhamana, usimruhusu mtu yeyote aifungue kabla ya kuipeleka ulikoinunua na risiti yako.

Usimwambie fundi "imekwama kwenye nembo". Mwambie: imechajiwa masaa mawili kwenye ampea moja, inazima sekunde ya 14 kila mara, nimeshafuta, nimeshaangalia vitufe. Mwonyeshe video. Mwombe apime volti ya betri mbele yako kabla ya kutaja bei. Akibadilisha betri muulize anaweka ya mAh ngapi, kwa sababu ya 247 huchomekwa kwenye saa ya 361 na utaijua siku ya pili, kisha umwombe ile ya zamani. Ulizia pia gundi ya mgongo: ameweka mpya, na inahitaji muda gani kukauka?

Hata akijibu vizuri, saa iliyofunguliwa mtaani ichukulie kuwa haizuii maji tena. Ivue unapoogelea, unapooga, na unapotia udhu.